Kabla ya Kuipanga Diski, Pima Afya Yake

Grand Theft Auto V iliingia kwenye kompyuta Aprili 2015, na hadi leo imo katika laptopu nyingi za mitumba zinazotoka Kariakoo, zikapita Bagamoyo mjini na kufika Makurunge, kata iliyo kaskazini ya mji huo, upande wa kwenda Saadani. Laptopu ya namna hiyo kwa kawaida imeshatumika ofisini miaka kadhaa kabla ya kuvuka bahari. Ndani yake mna diski ya GB 500 inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, RAM ya GB 8 ikiwa mwenyewe ana bahati, na gemu ya zaidi ya GB 70 iliyonakiliwa kutoka kwenye diski ya rafiki, maana kuishusha yote kwa bando ni kuchoma hela. Mchezaji anabofya, skrini ya kulodi inatokea, picha zinapishana, dakika tano zinapita, saba zinapita. Mtaani ataambiwa mojawapo ya mambo matatu: diski imechoka, au mafaili yamekatikakatika hivyo yapangwe upya, au anunue SSD. Yote matatu yanaweza kuwa kweli. Ninachotetea hapa ni mpangilio wa kuyachunguza. Afya ya diski itangulie, aina yake ifuate, na suala la vipande liwe la mwisho, kwa sababu dawa ya vipande ikipewa diski mgonjwa inaweza kuimaliza, na ikipewa diski nzima huleta nafuu ndogo kuliko inavyosifiwa.

Hesabu kidogo itaonyesha kwa nini. Diski ya kuzunguka ina sahani na mkono wenye kichwa cha kusomea, mithili ya santuri. Data inayotakiwa ikiwa mahali pengine, mkono husogea, kisha husubiri sahani ilete sehemu hiyo chini ya kichwa. Kwa mizunguko 5,400 kwa dakika, mzunguko mmoja huchukua milisekunde 11 hivi, na kusubiri kwa wastani ni nusu yake. Ukijumlisha na mwendo wa mkono, kila mruko unagharimu kama milisekunde 17. Kichwa kikishatua, kusoma mfululizo kunaenda vizuri tu, tuseme MB 100 kwa sekunde. Sasa chukua gemu inayohitaji kusoma MB 2,000 kabla ya kukufungulia mji. Zikiwa zimepangana zote, ni sekunde 20. Lakini gemu ya mji mzima haisomi faili kutoka mwanzo hadi mwisho. Inadokoa gari hapa, ukuta pale, sauti kule, kutoka ndani ya mafaili makubwa yenye mwisho wa `.rpf`. Ikiwa nusu tu ya kazi hiyo, MB 1,000, inasomwa kwa vijisehemu vya KB 64, hiyo ni miruko 16,000, na kila mmoja, pamoja na kusoma kijisehemu chake, ukila milisekunde 18 hivi, jumla ni sekunde 288. Karibu dakika tano zimekwenda kwenye kurukaruka. SSD haina mkono wala sahani. Mruko wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milisekunde, na kazi hiyohiyo huimaliza kwa sekunde zipatazo nne. Nambari hizi nimezichagua kwa ajili ya mfano, lakini uwiano wake ndio uwiano halisi wa vifaa hivi.

Watengenezaji wa gemu wanaijua gharama ya mruko kuliko mtu yeyote. Machi 2020 Mark Cerny, msanifu wa PlayStation 5, alieleza kwamba katika gemu ya Spider-Man ya mashine iliyotangulia, kitu kidogo kama sanduku la barua la mtaani kilirudiwa kwenye diski hadi mara 400, ili kila kipande cha mji kiwe na nakala yake jirani na mkono usihangaike. Yaani walikubali kupoteza nafasi ili kuokoa miruko. Na jambo la kushika hapa ni kwamba miruko ile 16,000 ya mfano wangu inaweza kutokea hata kama faili lenyewe halijakatika popote. Ni gemu inayoruka, ndani ya faili lililo zima.

Kuna pingamizi la haki linalopaswa kujibiwa kabla hatujaishutumu diski yoyote: huenda kosa ni la gemu. Ushahidi upo, tena wa gemu hiihii. Mwishoni mwa Februari 2021 mtaalamu anayejiita t0st alichapisha uchunguzi kuhusu GTA Online, ambayo kwenye mashine yake ililodi kwa dakika sita ilhali upande wa hadithi ulifunguka kwa dakika moja na ushei. Alikuta kwamba gemu inasoma faili la bidhaa lenye MB 10 na vitu 63,000 kwa njia ya kipuuzi: kila ilipochukua kitu kimoja, ilihesabu upya urefu wa maandishi yote yaliyobaki. Alipoirekebisha mwenyewe, muda ulipungua kwa takriban asilimia 70. Rockstar ilikubali, ikatoa marekebisho Machi 2021 na kumzawadia dola 10,000. Kwa miaka kadhaa wachezaji walikuwa wakinunua diski mpya kutibu ugonjwa uliokuwa kwenye prosesa.

Kisa hicho hakiondoi hoja yangu. Kinatufundisha tu kipimo cha kuanzia, nacho hakina gharama. Fungua `Task Manager` kwenye `Performance` kabla ya kuanzisha gemu, iache ilodi, kisha rudi kwenye dirisha hilo uangalie. Ikiwa diski yenye gemu inaonyesha `Active time` ya asilimia tano au kumi huku msingi mmoja wa prosesa umejaa, diski haina hatia. Laptopu yenye misingi minne ikitumia mmoja tu kikamilifu itaonyesha jumla ya asilimia 25, kwa hiyo nambari ndogo ya prosesa isikudanganye. Bofya mchoro kwa kitufe cha kulia na uuweke kwenye `Logical processors`. Na ikiwa upande wa hadithi unafunguka upesi lakini ule wa mtandao ndio unaosuasua, angalia intaneti na gemu yenyewe kwanza.

Mtego mwingine ni RAM. Ikijaa, Windows huanza kuhamishia vitu kwenye faili la `pagefile.sys`, na diski itaonekana ikifanya kazi asilimia 100 ingawa mzigo si wa gemu. Kwenye `Resource Monitor`, sehemu ya `Disk`, mafaili yanayosomwa hutajwa kwa majina. Ukiona `pagefile.sys` imeshika nafasi za juu badala ya mafaili ya `.rpf`, funga kivinjari na vilivyo nyuma kisha upime tena. Kijiti cha RAM mara nyingi ndicho kinachohitajika hapo.

Sasa tuseme diski ndiyo yenye mzigo: asilimia 100, mafaili ya gemu, kasi ya MB nne kwa sekunde. Mafundi wengi hapa husema moja kwa moja kwamba diski inakufa. Sivyo lazima. Rudi kwenye hesabu yetu: diski nzima ya kuzunguka inayosoma vijisehemu vya KB 64 inatoa takriban MB nne kwa sekunde, na hiyo ndiyo afya yake. Kinachotofautisha ni nambari ya jirani, `Average response time`. Diski nzima iliyobanwa hukaa kwenye makumi ya milisekunde, na foleni ikirefuka inaweza kufika mamia, lakini kasi ya kusoma haisimami. Diski mgonjwa huenda vizuri, halafu ghafla jibu linaruka hadi maelfu ya milisekunde huku kasi ikishuka hadi sifuri, kisha inaamka tena. Sababu ni kwamba ikikutana na sehemu isiyosomeka haikati tamaa. Hujaribu mara kwa mara, na kila jaribio linakula mzunguko mzima wa sahani. Skrini ya kulodi inayoganda kila mara mahali palepale inaelekeza huko, na ikiambatana na mlio wa kugongagonga, usiendelee kucheza.

Hapo ndipo taarifa ya afya inapoingia. Kila diski hujiandikia kumbukumbu inayoitwa SMART, na programu ya bure ya CrystalDiskInfo huionyesha kwa rangi na neno: `Good`, `Caution` au `Bad`. Neno hilo lisikutosheleze. Soma mistari mitatu. Wa `05` unahesabu sekta zilizokwisha kuharibika na kubadilishwa kwa za akiba. Wa `C5` unahesabu sekta zilizoshindikana kusomeka na ambazo bado hazijatolewa hukumu. Wa `C6` ni zile zilizoshindikana hata katika ukaguzi wa diski yenyewe. Kwa swali letu, `C5` ndio wenye uzito zaidi, maana sekta iliyokwisha kubadilishwa haicheleweshi sana kitu, lakini inayosubiri hukumu ndiyo inayoigandisha skrini leo. Nambari za upande wa `Raw Values` kwa kawaida huandikwa kwa mfumo wa kumi na sita, hivyo `18` maana yake ni 24. Badilisha kwenye menyu ya `Function` ili usome kwa mfumo wa kawaida. Mstari wa `C7` una habari tofauti kabisa: hesabu ya makosa ya njiani kati ya diski na ubao. Ukipanda, tuhumu waya au kiunganishi kilicholegea kabla ya kutuhumu diski. Saa za kazi, mstari wa `09`, huwashtua wanunuzi wa mitumba bila sababu ya kutosha. Saa 20,000 ni zaidi ya miaka miwili ya kuwaka mfululizo, umri mkubwa lakini si ugonjwa. Faida yake ni kumwumbua muuzaji aliyesema diski ni mpya.

Windows nayo ina ushahidi wake. Katika `Event Viewer`, ndani ya `Windows Logs` na kisha `System`, tafuta matukio kutoka chanzo cha `disk`. Namba 7 inasema kuna sehemu mbovu, 153 inasema ombi lilibidi lirudiwe. Ikiwa saa za matukio hayo zinalingana na saa ulizokaa ukiitazama skrini ya kulodi, kesi imekwisha.

Atakayesema kwamba SMART hudanganya ana nusu ya ukweli. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha matokeo ya kufuatilia diski zaidi ya 100,000. Diski iliyotoa kosa la kwanza katika ukaguzi wake wa ndani ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko isiyo na kosa kama hilo. Lakini katika diski zilizokufa, zaidi ya nusu, asilimia 56, hazikuwa zimeonyesha dalili yoyote kati ya nne zilizo kali. Kwa hiyo taarifa mbaya iaminiwe, na taarifa nzuri isomwe kama kutokuwepo kwa shutuma, basi. Utafiti uleule unapunguza nguvu ya maelezo yanayopendwa pwani, kwamba joto ndilo linaloua diski: isipokuwa katika viwango vya juu sana, joto halikuambatana na vifo kama ilivyotarajiwa. Zile zilikuwa diski za kwenye vituo vya seva, hazibebwi kwenye bodaboda wala hazikatikiwi umeme katikati ya kuandika, kwa hiyo nisingeyahamisha matokeo hayo neno kwa neno hadi Makurunge. Hata hivyo, mtikiso wakati diski inazunguka ningeuogopa kuliko jua.

Afya ikiwa safi, ndipo aina inapoulizwa. `Task Manager` ya sasa huandika HDD au SSD chini ya jina la diski, na kwenye `PowerShell` amri hii inatoa jibu pamoja na hali ya jumla:

```
Get-PhysicalDisk | Select FriendlyName, MediaType, HealthStatus
```

Diski ya nje mara nyingi itajibu `Unspecified`, kwa sababu kasha lake la USB linaficha kilichomo ndani, na pengine huficha hata SMART. Kwa wachezaji waliojaza diski ya ndani na kuweka gemu kwenye ya nje, tundu nalo ni sehemu ya aina ya diski. USB ya kizazi cha pili hupitisha kama MB 35 kwa sekunde, kwa hiyo SSD nzuri iliyochomekwa kwenye tundu la zamani imefungwa miguu. Tafuta tundu la USB 3, ambalo mara nyingi, ingawa si kila laptopu, lina ulimi wa bluu. Kwa upande mwingine, usikatishwe tamaa na laptopu kuukuu ambayo njia yake ya ndani ya SATA ni ya kizazi cha pili. Itaibana SSD isivuke MB 280 hivi kwa sekunde, lakini tatizo letu lilikuwa mruko, na mruko unaondoka palepale. Rockstar yenyewe imeshahama upande huo: toleo la `Enhanced` la gemu hii, la Machi 2025, limeweka SSD katika mahitaji ya chini kabisa.

Vipande, basi. Faili hukatika pale linapoandikwa kwenye diski isiyo na nafasi ya kutosha mahali pamoja, na namna gemu zinavyosambaa hapa inalisha tatizo hilo: mtu anafuta sinema za kutosha kupata GB 80, halafu ananakili GB 70 ndani ya mashimo yaliyoachwa na sinema hizo. Windows hupanga diski yenyewe kila wiki mashine ikiwa imetulia, lakini laptopu inayowashwa kwa ajili ya kucheza na kuzimwa mara baada ya hapo haipati huo wakati wa utulivu. Kipimo ni hiki, kwenye dirisha lililofunguliwa kama msimamizi, ukiweka herufi ya diski yenye gemu:

```
defrag D: /A /V
```

Hiyo inachunguza tu, haibadilishi kitu. Taarifa yake ina tanbihi ambayo wengi huiruka: vipande vinavyozidi MB 64 havihesabiwi kabisa. Sababu imo kwenye hesabu ileile. Kusoma MB 64 ni sekunde 0.64, na kuongeza mruko wa milisekunde 17 ni chini ya asilimia tatu. Faili la GB mbili lililokatwa vipande thelathini vikubwa halina ugonjwa wowote. Vipande vikiwa vya MB moja, mambo yanabadilika: kila kimoja kinasomwa kwa milisekunde 10 na kurukiwa kwa 17, kasi inashuka kutoka MB 100 hadi 37. Zile sekunde 20 zinakuwa 54. Hiyo ni nafuu inayostahili kutafutwa, lakini ilinganishe na zile sekunde 288 za gemu inayojirukia yenyewe, ambazo upangaji wowote wa diski hauzigusi. Ndiyo maana mtu anapanga diski usiku kucha na asubuhi anaokoa nusu dakika katika saba.

Tuifuate laptopu moja ya kufikirika yenye dalili zote. Gemu inalodi kwa dakika nane, inaganda kila mara karibu na mwisho. Diski iko asilimia 100, jibu linaruka hadi milisekunde 4,000. CrystalDiskInfo inasema `Caution`, `05` ni sifuri, `C5` ni 24, `C7` ni sifuri. Taarifa ya vipande inasema asilimia 31. Fundi wa kawaida angeishika hiyo 31 na kubofya `Optimize`. Akifanya hivyo, kichwa kitasoma na kuandika makumi ya GB kwenye sahani ambazo tayari zina madoa, na kikikwama juu ya faili muhimu la Windows, mashine huenda isiwake tena. `chkdsk /r` nayo isiwe ya kwanza, kwa kuwa inapitia kila sekta. Kwanza zitolewe picha, vyeti na kazi za shule, ndipo gemu inakiliwe. Faili litakalokataa kunakilika ndilo lililolala juu ya doa. Kama gemu ni ya Steam, ikishakaa kwenye diski mpya, `Verify integrity of game files` italinganisha na kushusha sehemu zilizoharibika tu, si GB 70 zote, na bando litapona. Ile asilimia 31 haina umuhimu tena: kunakili mafaili kwenye diski tupu kunayaandika upya yakiwa yameshikana.

Kama `C5` ingekuwa sifuri na jibu limetulia kwenye milisekunde 30, hadithi ingekuwa nyingine. Hapo ningefuta visivyohitajika mpaka angalau asilimia 15 ya diski ibaki wazi, kisha ningeipanga bila hofu, nikijua kwamba nafuu itakuwa ya wastani. Na kwenye SSD upangaji wa namna hii haufanywi kabisa. Unaila bure na haupunguzi mruko ambao haupo. `Optimize` ya Windows inaijua tofauti hiyo na kwa kawaida hutuma tu taarifa ya maeneo yaliyo wazi.

Linabaki pingamizi la fedha. SSD yenye nafasi ya kutosha gemu hii na Windows pamoja ina bei, na kwa mtu wa Makurunge inaongezewa nauli ya kwenda Dar es Salaam na kurudi. Ndiyo sababu hasa ya kufuata mpangilio huu, kwa kuwa vipimo vyote vilivyotajwa ni vya bure na hufanyika mezani kabla ya mtu kupanda basi. Na diski ya kuzunguka iliyotolewa ikiwa nzima haitupwi. Kwenye kasha la USB 3 inakuwa ghala la nakala za gemu, kazi inayosomwa mfululizo ambayo haijawahi kuishinda: GB 70 kwa MB 100 kila sekunde zinarudi kwenye SSD kwa dakika kama 12, bila bando hata la MB moja.